Ombi la Kozi kwa Ukurasa Mmoja

Maombi mengi ya kulipiwa kozi hufia kwenye jibu la maneno mawili: "Sawa, tutaona." Meneja anayejibu hivyo mara nyingi hana nia mbaya wala si bahili. Ameletewa swali ambalo hawezi kulijibu papo hapo, na kazi ya kutafuta jibu ameachiwa yeye, akiwa na mengine ishirini mezani. Hoja ya sura hii ni kwamba ukurasa mmoja wa hoja ya kibiashara haushindi gumzo kwa sababu lugha yake ni nzito zaidi. Unashinda kwa sababu anayeomba ameifanya mwenyewe ile hesabu ambayo angemwachia bosi, na ameifanya kwa uaminifu kiasi cha kupunguza faida anayoidai. Upunguzaji huo ndio sehemu ngumu, na ndio unaofanya hesabu iaminike.

Tuchukue mfano tuufuate hadi mwisho. Ni wa kubuni, ila hesabu za namna hii hufanywa kila siku. Kuna hoteli ya vyumba 60 Mombasa, kila chumba kina kiyoyozi cha ukutani, na hoteli ina wafanyakazi 70. Katika idara ya matengenezo yupo fundi wa umeme anayeshughulikia taa, pampu za maji na jenereta. Viyoyozi anavisafisha vichujio tu. Kikiharibika anaitwa fundi wa nje. Amesikia kuna kozi ya wiki mbili ya matengenezo ya viyoyozi, na anamwandikia meneja kwenye simu:

"Bosi, habari za asubuhi. Samahani kwa usumbufu. Kuna kozi nzuri sana ya mambo ya AC inaanza mwezi ujao, ni wiki mbili tu. Ada ni elfu 45. Ningeomba hoteli inisaidie kulipa kwa sababu itanisaidia sana kwa kazi na pia kwa maisha yangu ya baadaye. Nitashukuru sana bosi. Mungu akubariki."

Adabu ya ujumbe huu haina kasoro, na asitokee mtu akamwambia fundi aache salamu ili aonekane wa kisasa. Kasoro iko kwenye mambo yasiyosemwa. Anayenufaika katika kila sentensi ni mwombaji. Hoteli imetajwa mara moja tu, nayo kama mlipaji. Bei iliyotajwa ni ada peke yake, kana kwamba siku kumi za kazi hazina gharama. Tatizo ambalo kozi inakuja kulitatua halijatajwa kabisa. Meneja akiusoma anabaki na maswali: hivi viyoyozi vinatugharimu kiasi gani sasa? Huyu akirudi atafanya nini ambacho leo hafanyi? Nani atashika zamu yake? Akiondoka je? Kwa kuwa hakuna lililojibiwa, ombi linageuka kuwa la hisani, na hisani hutolewa kwa kadiri ya hali ya mfuko na ya moyo siku hiyo.

Majibu hayo yapo, na hayako mbali. Yako kwenye faili la ankara za fundi wa nje na kwenye daftari la mapokezi. Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa Kimarekani wa mafunzo kazini, alipendekeza kozi ipimwe kwa ngazi nne: waliohudhuria waliipendaje, walijifunza nini, kazini wanafanya nini tofauti, na shirika limepata nini. Ukilipima gumzo la fundi wetu kwa ngazi hizo utaona limekomea kwenye mbili za kwanza: kozi ni nzuri, na yeye atapata ujuzi. Mwajiri hulipia ngazi ya tatu na ya nne. Basi kuandika upya ombi ni kupanda kutoka ujuzi hadi kazi, na kutoka kazi hadi fedha, bila kuruka hata kidato kimoja.

Fundi anaanza na ankara za miezi 12 iliyopita. Anakuta fundi wa nje aliitwa mara 46, na kila ankara kwa wastani ni shilingi 7,200. Kishawishi cha kwanza ni kuzidisha: 46 mara 7,200 ni shilingi 331,200. Mbele ya ada ya 45,000 faida inaonekana kubwa mara saba, na mtu angeweza kuishia hapo akaandika barua yake kwa furaha. Ni kosa, tena kosa ambalo mhasibu ataligundua kabla chai haijapoa. Ankara hizo zina malipo ya kazi, lakini pia zina gesi na vipuri, na hoteli itaendelea kuvinunua hivyo hata kama mfanyakazi wake ndiye anayevifunga. Aidha, si kila hitilafu inaweza kutatuliwa na mtu aliyesoma wiki mbili. Kompresa iliyoungua na bodi ya umeme iliyokufa zitaendelea kumhitaji mtaalamu.

Kwa hiyo anazisoma ankara moja moja na kuzigawa. Safari 17 zilihusu kompresa, bodi na mota. Hizo anaziacha kando. Safari 29 zilihusu usafishaji wa ndani, mifereji ya maji iliyoziba, viungo vya mabomba vinavyovuja, na kuongeza gesi. Katika hizo, malipo ya kazi peke yake ni shilingi 4,500 kwa wastani. Hesabu sasa ni 29 mara 4,500, yaani 130,500. Imeshuka chini ya nusu ya ile ya kwanza, ila hii inasimama.

Ugawaji huo unamwonyesha pia jambo ambalo jumla peke yake ingelificha. Kuna vyumba vinavyojirudia. Chumba kimoja kiliongezewa gesi Januari, tena Machi, tena Mei. Mfumo wa kiyoyozi umefungwa. Gesi yake haiishi kama mafuta ya gari, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta uvujaji anauza gesi ileile mara tatu. Namna sahihi ni kujaza naitrojeni kwenye mabomba kwa shinikizo, kupaka maji ya sabuni kwenye viungo, kuziba panapotoa povu, kisha kutumia pampu kuvuta hewa na unyevu wote nje kabla ya kurudisha gesi kwa kipimo cha mizani. Hilo ndilo linalofundishwa kwenye kozi, na ankara za chumba kinachojirudia ndizo ushahidi kwamba hoteli haina mtu wa kulisimamia. Hata kwa hitilafu ambazo bado zitamhitaji fundi wa nje, sasa patakuwa na mtu wa kuuliza kama pampu ilitumika.

Kuna pia sababu ya kufanya hivyo sasa badala ya mwaka ujao. Viyoyozi vya zamani vinatumia gesi ya R22, ambayo inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Kwa nchi zinazoendelea mwaka wa mwisho uliowekwa ni 2030, na baada ya hapo kinabaki kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine zilizopo. Mashine mpya zinazonunuliwa kuziba pengo hutumia R410A, ambayo shinikizo lake linazidi la R22 kwa zaidi ya nusu, au R32, ambayo inaweza kushika moto. Gej za R22 hazifai kwa gesi hizo, na mazoea ya kazi ya zamani ni hatari kwazo. Kila hoteli inapobadilisha mashine chakavu inaleta gesi ambayo fundi wake haijui. Hoja ya namna hii, yenye tarehe na sababu, ndiyo inayojibu swali la "kwa nini tusingoje," na meneja huuliza swali hilo hata asipolitamka.

Kisha linakuja daftari la mapokezi. Vyumba vilifungwa kwa usiku 38 katika mwaka huo vikingoja fundi wa kiyoyozi. Hapa napo kuna mtego. Chumba kikifungwa wakati hoteli ina nafasi, mgeni anahamishiwa chumba kingine na hakuna mapato yaliyopotea. Hasara ya kweli hutokea tu usiku ambao hoteli imejaa na mgeni anarudishwa mlangoni. Kwa kulinganisha daftari na orodha ya wageni, fundi anapata usiku 11 wa namna hiyo, na kati yake 8 zilitokana na hitilafu za lile kundi la 29. Bei ya chumba ni 8,500, ila ukiondoa kifungua kinywa, dobi na kamisheni ya wakala, hotelini kunabaki 6,000. Nane mara 6,000 ni 48,000. Mtu asiyefikiri vizuri angeandika 38 mara 8,500, yaani 323,000, na meneja wa hoteli, ambaye anaijua biashara ya vyumba kuliko fundi, angeacha kuamini kila kilichoandikwa juu na chini ya tarakimu hiyo.

Upande wa gharama unahitaji ukali uleule, ila kwa kuelekea juu. Ada ni 45,000. Siku kumi za kibarua wa kushika zamu kwa 1,500 ni 15,000. Nauli ni 3,000. Halafu kuna gharama ambayo karibu kila ombi la kozi huisahau, nayo ni vifaa. Fundi aliyefundishwa kuvuta hewa kwa pampu, akarudi kwenye hoteli isiyo na pampu, atafanya alichokuwa akifanya zamani. Cheti kitatundikwa ukutani na ankara zitaendelea kuja. Mwaka 1988 watafiti Timothy Baldwin na Kevin Ford walieleza kwamba kama mtu atatumia kazini alichofundishwa darasani hakutegemei kozi na bidii yake tu, bali pia mazingira anamorudi: je, ana nafasi na msaada wa kukitumia? Kwa hiyo pampu ya kuvuta hewa, gej za gesi mpya, mizani, vifaa vya kukatia na kutanulia mabomba, na regyuleta ya mtungi wa naitrojeni vinaingia kwenye ombi tangu mwanzo: shilingi 62,000. Jumla ya gharama ni 125,000. Ni karibu mara tatu ya ile elfu 45 ya kwenye simu, na fundi anapaswa kuitaja bila woga, kwa sababu gharama inayotajwa mwanzoni ni mpango, ilhali inayojitokeza katikati ni kisirani.

Mwisho anakata faida yake mwenyewe. Mtu aliyetoka darasani hatafanya kila kazi vizuri mwezi wa kwanza. Atakuwa mgonjwa, atakuwa likizo, na nyingine zitamshinda. Anahesabu theluthi mbili tu: 87,000 za ankara na 32,000 za vyumba, jumla 119,000 kwa mwaka. Sasa yuko tayari kuandika.

KWA: Meneja Mkuu
KUPITIA: Mkuu wa Matengenezo
KUH: OMBI LA KUGHARAMIA KOZI NA VIFAA VYA MATENGENEZO YA VIYOYOZI

Naomba idhini ya shilingi 125,000 ili nihudhurie kozi ya wiki mbili ya matengenezo ya viyoyozi na hoteli inunue vifaa vya kazi hiyo. Kwa makadirio ya chini fedha hizo zitarudi ndani ya miezi 13.

Tatizo. Katika miezi 12 iliyopita tulimwita fundi wa nje mara 46. Kazi 29 kati ya hizo zingefanywa na mfanyakazi wetu aliyefundishwa. Vyumba kadhaa viliongezewa gesi zaidi ya mara mbili bila uvujaji kuzibwa. Kwa usiku 8 tulirudisha wageni kwa sababu ya hitilafu hizo.

Gharama. Ada 45,000; kibarua wa zamu 15,000; nauli 3,000; vifaa 62,000, ambavyo vitakuwa mali ya hoteli.

Faida kwa mwaka. Malipo ya kazi yatakayookolewa 87,000, mapato ya vyumba 32,000, jumla 119,000. Nimehesabu theluthi mbili tu ya kinachowezekana. Hata ikiwa nusu, fedha zitarudi ndani ya miezi 17. Gesi, vipuri, kompresa na bodi sikuzihesabu, kwa kuwa tutaendelea kuzilipia.

Njia nyingine. Mkataba wa mwaka na kampuni ya nje ungepunguza kungoja, ila ungeendelea kulipiwa kila mwaka.

Dhamana. Niko tayari kutia sahihi mkataba wa miezi 12. Nikiondoka kabla, nitarudisha sehemu ya ada iliyobaki, ikipungua kwa 3,750 kila mwezi.

Kipimo. Baada ya miezi 3 na 6 nitaleta idadi ya safari za fundi wa nje na vyumba vilivyofungwa, tulinganishe na mwaka uliopita.

Ninachoomba. Idhini kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiandikisha. Nakala za ankara na orodha ya usiku husika zimeambatishwa.

Ombi na jumla yake viko kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu meneja asiyejua anaombwa nini husoma mengine yote kwa wasiwasi. Mkuu wa Matengenezo ametajwa juu, na hilo linazidi itifaki: yeye ndiye atakayeulizwa kama hesabu ni za kweli, kwa hiyo lazima awe ameziona kwanza. Kipengele cha njia nyingine kipo kwa sababu meneja angelifikiria jambo hilo yeye mwenyewe. Likijibiwa mapema anaona mwombaji amelinganisha. Maneno "maisha yangu ya baadaye" yameondoka. Hayakuwa ya aibu, ila hayamsaidii anayetoa idhini kuieleza kwa mwenye hoteli.

Pingamizi kubwa dhidi ya haya yote ni la zamani: mfundishe, aende zake. Gary Becker, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1992, alilipa nguvu ya kinadharia katika kitabu chake cha mwaka 1964. Alitofautisha ujuzi unaofaa kampuni moja na ujuzi unaofaa kila mahali. Ule wa pili, alisema, mwajiri hana sababu ya kuulipia pale soko la ajira linapokuwa huru, kwa kuwa mshahara wa mfanyakazi utapanda sawa na thamani yake mpya, kwa mwajiri huyu au mwingine. Matengenezo ya viyoyozi ni ujuzi wa namna hiyo hasa. Ila waajiri wengi huulipia, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Daron Acemoglu na Jörn-Steffen Pischke walieleza sababu: soko halisi la ajira halina uhuru huo. Kuhama kazi kuna gharama, na mwajiri mpya hajui ubora wa mtu kama anavyoujua yule wa sasa. Kwa hiyo thamani ya mfanyakazi aliyefundishwa hupanda zaidi ya mshahara wake, na tofauti hiyo hubaki kwa mwajiri.

Hata hivyo nadharia haimtulizi meneja anayemjua fundi aliyekwenda hoteli ya jirani. Kinachomtuliza ni kupima ukubwa wa hatari yenyewe. Katika ile 125,000, vifaa vya 62,000 havihami. Kinachoweza kupotea ni 63,000, na mkataba unafunika 45,000 za ada. Mkataba huo lazima uwe wa kiasi. Deni linalopungua kila mwezi ni la haki kwa sababu hoteli inazidi kunufaika kila mwezi, ilhali deni lisilopungua ni pingu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nayo hairuhusu makato yote kwa pamoja kuzidi theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo asidhani mtu kwamba ada nzima itakatwa mwezi wa mwisho vyovyote iwavyo.

Kuna fedha nyingine ambayo maombi mengi hayaitaji. Mwajiri nchini Kenya hutozwa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na ushuru huo unasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Hoteli yetu yenye watu 70 inatoa 42,000 kwa mwaka. Mwajiri aliyelipa ushuru anaweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama, ila mkufunzi awe amesajiliwa na NITA na maombi yapelekwe kabla kozi haijaanza. Wengi hukosa hapo: wanakumbuka kudai baada ya cheti kutolewa. Fundi anaweza kuongeza sentensi moja kwamba mkufunzi amesajiliwa na kwamba maombi yanaweza kupelekwa, lakini asiitie fedha hiyo kwenye hesabu ya marejesho. Hesabu inayosimama bila ruzuku haitaanguka ruzuku ikichelewa.

Pingamizi la pili ni kwamba mfanyakazi wa kawaida hapewi ankara. Ni kweli mahali pengi, na jibu ni kuhesabu anachokiona. Fundi anajua ni mara ngapi alimfungulia mtu wa nje mlango. Akianza leo kuandika tarehe, chumba na kilichofanywa, baada ya miezi mitatu ana sampuli. Ataiandika kama sampuli, ataacha nafasi ya bei ijazwe na mhasibu, na ombi lake litakuwa na nguvu kuliko kisio la mwaka mzima lisilo na chanzo.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi: si kila kozi inahesabika. Kozi ya uongozi, ya lugha ya alama, ya huduma ya kwanza, haina ankara ya kuikata. Kulazimisha shilingi hapo ni kubuni, na ubunifu mmoja huharibu ukurasa mzima. Hata hapo tatizo, kazi itakayobadilika, gharama kamili na kipimo vyote vinaweza kuandikwa. Kinachoachwa ni muda wa fedha kurudi, na mwombaji aseme wazi kwamba ameuacha. Na iko siku hesabu yenyewe itakataa. Kama fundi wetu angekuta safari 8 za kufanyika ndani badala ya 29, faida ya ankara kwa theluthi mbili ingekuwa 24,000 kwa mwaka, na 125,000 zisingerudi kabla vifaa havijaanza kuchakaa. Hapo angeomba kingine: kozi fupi ya siku mbili, au mkataba bora na fundi wa nje unaodai uvujaji uzibwe kabla ya gesi kuongezwa. Mfanyakazi anayemwendea meneja na jibu hilo hajashindwa kupata kozi tu. Ameiokolea hoteli fedha bila kwenda darasani, na ombi lake lijalo litasomwa na mtu anayejua kwamba hesabu zake hukatwa kabla ya kuletwa.